Spani zipi zipakiwe ili momenti hasi juu ya nguzo ifike kilele

*Shikamoo Injinia. Ninasanifu boriti ya zege ya ghala, spani nne za mita 6 kila moja, juu ya nguzo tano. Mzigo wa kudumu ni 28 kN/m na mzigo hai ni 28 kN/m. Nimejaza mzigo hai spani zote, lakini mkuu wangu wa ofisi anasema momenti hasi ya nguzo ya kati imetoka ndogo mno, nikachore kwanza mstari wa athari. Chuoni tuliuchora kwa boriti ya spani moja tu. Kwa boriti inayoendelea naanzia wapi, na nitajuaje spani za kupakia bila kujaribu kila mpangilio kwenye kompyuta?*

Marahaba. Mkuu wako yuko sahihi. Tuzipe nguzo zako majina A, B, C, D na E kutoka kushoto. Kwa momenti hasi ya juu kabisa pale C, pakia BC na CD, kisha acha AB na DE tupu. Kwa nguzo B, pakia AB, BC na DE, acha CD tupu. Nguzo D ni sawa na B ukigeuza mchoro. Ukijaza spani zote, pale C unapata 144 kNm. Ukipakia zile mbili tu unapata 180 kNm. Umepunguza mzigo na momenti imeongezeka kwa robo nzima, na hilo ndilo mkuu wako aliliona kwa jicho kabla hujamwonyesha hesabu.

Sasa tuone majibu hayo yanavyopatikana kwa kalamu tupu, bila kikokotoo.

Kwanza tenganisha vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya. Mchoro wa momenti unaouzoea unasema hivi: mzigo umetulia mahali pake, wewe unatembea juu ya boriti ukisoma momenti kila ulipofika. Mstari wa athari ni kinyume chake. Wewe umesimama sehemu moja, tuseme juu ya nguzo C, na mzigo mmoja ndio unaotembea kutoka A hadi E. Kila mzigo unapofika, unaandika momenti iliyotokea pale C, na unaiandika chini ya mahali mzigo ulipo. Kwa hiyo kimo cha mstari kule katikati ya AB hakisemi lolote kuhusu momenti ya AB. Kinasema mzigo ukiwa pale, C inapata nini. Kwa kazi yako ya kuchagua spani, hata kimo chenyewe hukihitaji. Unahitaji alama tu: mzigo ukiwa hapa, momenti hasi ya C inaongezeka au inapungua?

Alama hizo zinapatikana kwa kanuni aliyoieleza Mjerumani Heinrich Müller-Breslau mwaka 1886. Inasema kwamba umbo la mstari wa athari wa nguvu fulani ndani ya muundo ni lile lile ambalo muundo huo utalichukua ukiondoa uwezo wake wa kubeba nguvu hiyo, kisha ukausukuma kidogo mahali hapo kwa nguvu ya aina hiyo hiyo. Ukitaka mmenyuko wa nguzo, unaondoa nguzo na kuinua boriti. Ukitaka momenti, unaweka bawaba mahali pa momenti hiyo na kuzungusha pande zake mbili.

Tuifanye pale C. Chora boriti nzima kama mstari ulionyooka juu ya nguzo tano. Juu ya C, weka bawaba ndani ya boriti. Angalia vizuri hapa: nguzo C haijaondoka, na boriti haijainuka juu yake. Kilichoondoka ni uwezo wa boriti kupitisha momenti kutoka BC kwenda CD. Sasa shika pande mbili za bawaba na uzizungushe kwa jozi ya momenti hasi, yaani momenti ile inayovuta uso wa juu wa boriti na kubana uso wa chini. Ncha ya BC iliyo pale C inazungushwa na momenti inayoipinda BC mgongo juu, na CD vivyo hivyo upande wa pili. BC inapanda kama upinde, CD inapanda kama upinde, na pale C kunabaki kona kali inayotazama chini, kwa sababu boriti bado imekaa juu ya nguzo.

Endelea kushoto. BC ikiwa imepinda juu, inashuka kuelekea B ikiwa na mwinamo. Pale B hakuna bawaba, kwa hiyo boriti haiwezi kuvunja kona: mwinamo ule ule unapita juu ya nguzo na kuendelea. Boriti inayoshuka ikipita B lazima izame chini ya mstari ndani ya AB, kisha irudi juu ifike A. Basi AB imezama. Upande wa kulia ni hivyo hivyo, DE imezama. Umemaliza. Spani zilizopanda, BC na CD, ndizo mzigo wake unaongeza momenti hasi ya C. Zilizozama, AB na DE, mzigo wake unaipunguza.

Kama unataka kuiona kwa macho, chukua utepe mwembamba wa plastiki, ule wa kufungia maboksi unafaa sana. Pigilia misumari kwenye ubao kwa jozi, mmoja juu ya utepe na mmoja chini yake, jozi tano zenye nafasi sawa, ili utepe usiweze kupanda wala kushuka kwenye nguzo. Ukate utepe pale C na uunge kwa gundi ya karatasi upande mmoja, iwe bawaba. Zungusha ncha mbili kwa vidole. Spani mbili za jirani zitapanda, za pembeni zitazama, na utaona pia kwamba zile za pembeni zinazama kidogo kulinganisha na zile zilizopanda. Kimo hicho kidogo nacho ni habari: mzigo wa mbali una athari ndogo.

Sababu ya kanuni kufanya kazi ni fupi. Una mifumo miwili kwenye boriti moja: wa kwanza ni boriti halisi yenye mzigo na momenti ya C, wa pili ni boriti yenye bawaba iliyozungushwa. Kwa nadharia ya Betti, kazi ya nguvu za mfumo mmoja kupitia misogeo ya mfumo mwingine ni sawa pande zote. Nguzo hazisogei, kwa hiyo mmenyuko haufanyi kazi. Kinachobaki ni momenti ya C mara mzunguko wa bawaba, na mzigo mara msogeo wa boriti chini yake. Mzigo wa kizio kimoja, mzunguko wa kizio kimoja, basi momenti ni sawa na msogeo. Ndiyo maana umbo lililopinda ndilo mstari wenyewe.

Mahali watu wanapojikwaa ni alama. Wengi hukumbuka kwamba mzigo huwekwa pale boriti ilipozama, kwa sababu mzigo unasukuma chini. Inategemea ulizungusha bawaba upande gani. Ukizungusha kwa momenti hasi, pakia palipopanda. Ukizungusha kwa momenti chanya, umbo lote linageuka, na mzigo wa momenti hasi unakwenda palipozama. Jibu ni lile lile. Usitegemee kumbukumbu, tumia mtihani huu: mzigo ukikaa kwenye spani inayogusa nguzo, momenti juu ya nguzo hiyo ni hasi, hakuna mjadala. Kama mchoro wako unasema kupakia BC kunapunguza momenti hasi ya C, umegeuza alama.

Sasa nguzo B. Weka bawaba juu ya B na uzungushe. AB inapanda na BC inapanda. BC inapita C bila kona, basi CD inazama. CD inapita D bila kona, basi DE inapanda tena. Hii DE ndiyo inayosahaulika. Iko mbali, haigusi B, lakini mzigo wake unaongeza momenti hasi ya B. Kanuni ya kukariri ni kwamba unapakia spani mbili zinazogusa nguzo, kisha unaruka moja, unapakia moja, hadi mwisho wa boriti pande zote.

Tuweke namba ili ujue kila spani ina uzito gani. Nimetumia mlinganyo wa momenti tatu, spani sawa na ugumu wa boriti sawa kote. Kwa mzigo wa kuenea w kwenye spani yenye urefu L, mchango wa kila spani kwenye momenti hasi ni huu, ambapo alama ya kutoa maana yake unaipunguza:

```
         AB    BC    CD    DE
M_B:    +15   +11    -3    +1    x wL²/224
M_C:     -4   +12   +12    -4    x wL²/224
```

Kwa mzigo wako, 28 kN/m kwenye mita 6, wL²/224 inatoka 4.5 kNm kamili, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Pale C mzigo wa kudumu upo spani zote wakati wote: 12 na 12, toa 4 na 4, unabaki na 16, yaani 72 kNm. Mzigo hai ukijaza kote unatoa 72 nyingine, jumla 144. Mzigo hai kwenye BC na CD tu unatoa 24 mara 4.5, yaani 108, jumla 180. Pale B mzigo wa kudumu ni 24 mara 4.5, sawa na 108. Ukijaza mzigo hai kote jumla ni 216 kNm. Ukiruka CD, mzigo hai unatoa 27 mara 4.5, yaani 121.5, na jumla ni 229.5 kNm.

Linganisha nguzo hizo mbili. B imeongezeka kwa asilimia 6 tu, C kwa asilimia 25. Tofauti inatokana na umbo. Pale C kuna spani mbili zilizozama na zote zina uzito wa 4, pale B kuna moja tu yenye uzito wa 3. Ukijaza spani zote, nguzo ya kati ndiyo inayodanganywa zaidi. Na tazama DE kwenye mstari wa B: mchango wake ni 1 kati ya 27. Kuisahau kunakupunguzia 4.5 kNm kati ya 229.5. Kwenye jengo la kawaida sitamrudishia kijana mchoro kwa sababu hiyo, ila nitamuuliza kama alijua.

Mzigo wa kudumu usiurukishe spani. Nimeona hesabu ambazo mtu, baada ya kujifunza kuruka spani, anaondoa na uzito wa zege kwenye spani tupu. Zege haliondoki. Kinachoweza kubadilika kutoka spani hadi spani ni kizidishi cha usalama tu, na hilo nitalirudia.

Lakini swali lako limeishia juu ya nguzo, na kwenye ghala momenti hasi ina mahali pengine inapojificha: katikati ya spani. Weka bawaba katikati ya BC na uizungushe kwa momenti chanya. Bawaba inapanda, BC inakuwa kama paa lenye kona juu. Boriti inapita B na C ikiwa na mwinamo wa kushuka, kwa hiyo AB na CD zinazama, na DE inapanda. Tafsiri yake: mzigo kwenye AB na CD unaleta momenti hasi katikati ya BC. Ukipakia mbili hizo na kuacha BC tupu, uso wa juu wa boriti katikati ya BC unavutwa. Kwa namba zako, mzigo wa kudumu peke yake unatoa pale katikati momenti chanya ya 36 kNm. Mzigo hai kwenye AB na CD unatoa hasi 45. Jumla ni hasi 9 kNm. Katikati ya spani, mahali ambapo kila mtu anaweka nondo chini na kuondoka, uso wa juu umevutwa.

Kwa boriti ya spani nne sawa, katikati ya BC inageuka hasi mara mzigo hai unapozidi 0.8 ya mzigo wa kudumu. Kwenye nyumba ya kuishi ni nadra kufika hapo. Kwenye ghala, maktaba au kiwanda ni jambo la kawaida, na ukiweka vizidishi vya usalama linakuja mapema zaidi. Chukua BS 8110, ambayo wengi wetu tulilelewa nayo: spani iliyopakiwa inabeba 1.4 ya mzigo wa kudumu na 1.6 ya mzigo hai, kwako ni 84 kN/m, na spani tupu inabeba 1.0 ya mzigo wa kudumu, yaani 28 kN/m. AB na CD zikiwa na 84, BC na DE zikiwa na 28, katikati ya BC inatoka hasi 54 kNm. Spani zote zikiwa na 84, sehemu hiyo hiyo inatoka chanya 108. Fundi akikata nondo zote za juu kwenye theluthi ya spani kwa mazoea, momenti hiyo ya 54 itabebwa na nondo mbili nyembamba za kushikia stirapu, kama zipo. Dalili yake ikishatokea ni ufa unaoanzia juu ya boriti katikati ya spani, ambao watu wengi huudhania ni wa kukauka kwa zege kwa sababu hawatarajii ufa upande huo.

Kati ya nguzo na katikati ya spani kuna eneo lenye tabia yake. Kila spani ya ndani ina nukta mbili ambapo momenti ni sifuri mzigo ukiwa kwenye spani nyingine za upande mmoja. Kwenye BC yako nukta hizo zipo 0.2L kutoka B na takriban 0.21L kutoka C, yaani mita 1.2 na karibu mita 1.3. Sehemu yoyote iliyo kati ya nukta hizo mbili inafuata sheria ya katikati: spani yake yote ina alama moja. Sehemu iliyo kati ya nguzo na nukta ni tofauti. Mstari wake wa athari unabadilisha alama ndani ya spani yake yenyewe, kwa hiyo hali mbaya kabisa inadai upakie kipande cha spani.

Mfano, simama mita 0.6 kutoka B ndani ya BC. Bawaba ikizungushwa hapo, kipande kifupi kuanzia B hadi karibu mita 1.7 kinakwenda upande mmoja, na sehemu iliyobaki ya BC hadi C inakwenda upande mwingine. Momenti hasi kubwa kabisa ya mzigo hai hapo inatokea ukipakia AB na DE zote, na BC kuanzia mita 1.7 hadi C tu. Nimeilinganisha na kupakia BC nzima: tofauti ni kama asilimia 10 ya momenti hasi ya mzigo hai kwenye sehemu hiyo. Je, ujisumbue? Kwa jengo, hapana. Sehemu hiyo haitawali unene wa nondo, nguzo ndiyo inatawala, na kinachoathirika ni mahali pa kukatia nondo za juu tu. Ongeza urefu kidogo kupita mahali hesabu inaposema, na jambo limekwisha. Kwa daraja ambalo lori linaweza kusimama popote, programu ya kupakia itaupita mstari wote, na hapo ndipo utafurahi unajua kwa nini inaacha kipande cha spani bila mzigo.

Kwa kuwa ni ghala, utakuwa na foklifti. Mzigo wa nukta unawekwa palipo na kilele cha mstari, nacho hakiko katikati ya spani. Bawaba inazungushwa upande wa nguzo, kwa hiyo mbinuko unaelemea upande huo. Kwa nguzo C, kilele kipo kama 0.38L kutoka C, kwako mita 2.3. Kwa nguzo B, upande wa AB kilele kipo 0.42L kutoka B, mita 2.5. Kwa mkono mimi huweka 0.4L kutoka kwenye nguzo na kuendelea na kazi. Mzigo wa 50 kN kwenye CD, mita 2.3 kutoka C, unatoa momenti hasi ya karibu 26 kNm. Ukiuweka katikati kabisa ya spani unatoa 24. Mstari ni bapa karibu na kilele, kwa hiyo sentimita chache hazikuuzi wala hazikununui. Ambacho hutakiwi kufanya ni kuusukuma mzigo hadi karibu kabisa na nguzo ukidhani ndio utaongeza momenti ya nguzo. Hapo mstari unarudi sifuri, mzigo unaingia moja kwa moja kwenye nguzo, na unachoongeza ni nguvu ya mkato.

Kuhusu vitabu vya kanuni, usishangae ukikuta mpangilio ulioupata kwa mstari wa athari haupo. BS 8110 ya 1997 inatosheka na hali mbili: spani zote na mzigo wa juu, na spani moja moja kwa kupishana. Haidai jozi ya jirani. Eurocode 2 inapendekeza kupishana, pamoja na spani zozote mbili zinazofuatana. Kwa nguzo yako C, ile jozi ya Eurocode ndiyo hasa hali mbaya kabisa. Kwa B inakosa DE tu, ile 1 kati ya 27, na sasa unaelewa kwa nini waandishi wake hawakujisumbua na spani za mbali.

Je, BS 8110 inakosea pale C? Spani zote zikiwa na 84 kN/m, C inatoka 216 kNm. BC na CD zikiwa na 84 na nyingine 28, inatoka 288. Pengo ni kubwa. Ila kanuni hiyo inaruhusu kugawa upya momenti hadi asilimia 30, mradi sehemu hiyo ya boriti iwe na uwezo wa kuzunguka bila kupasuka ghafla, na kushuka kutoka 288 hadi 216 ni asilimia 25. Kwa hiyo ukijaza spani zote kwa BS 8110 umeshatumia ugawaji bila kujua. Hatari ni kwa yule anayechukua 216 kisha anapunguza asilimia 20 nyingine juu yake kwa kuwa kitabu kimeruhusu. Amefika karibu 173, wakati mwisho halali wa asilimia 70 ya 288 ni karibu 202. Na kwa mzigo wa matumizi, bila kizidishi chochote, C inaweza kuona 180. Huyo atapata nyufa juu ya nguzo kabla ghala halijajaa vizuri. Uliza ofisini kwenu ni kipi kilishafanywa kabla ya kupunguza chochote.

Uzuri wa njia hii ni kwamba alama hazitegemei urefu wa spani. Mteja akibadilisha BC iwe mita 8 na DE mita 4, au ukinenepesha boriti ya CD, namba 15, 11, 3 na 1 zitabadilika zote, lakini nani apakiwe na nani aachwe haibadiliki. Ukiongeza kipande kinachoning'inia nje ya E, mstari unapita E bila kona na kuendelea: kwa momenti ya C, DE imezama, basi kipande cha nje kimepanda, na mzigo juu yake unaongeza momenti hasi ya C.

Kinachovunja utaratibu huu ni nguzo zinazosogea. Boriti yako ikikaa juu ya boriti nyingine ndefu zinazonyumbuka, haishikwi tena pale pale, na mpishano wa kupanda na kuzama unaweza kupotea. Hapo fanya uchambuzi kamili. Nguzo za zege zilizomwagwa pamoja na boriti hazivunji utaratibu, ila zinabadilisha picha: nguzo inashika boriti isizunguke, kwa hiyo athari inakufa haraka ukienda mbali, na momenti ya boriti kushoto kwa nguzo si sawa na ya kulia. Bawaba unaiweka upande mmoja wa nguzo, ule unaoutafuta, na spani inayogusa upande huo ndiyo inabeba sehemu kubwa ya mchango.

Sasa rudi kwenye kompyuta yako. Usiingize mipangilio 16. Ingiza hali nne za mzigo hai, kila moja ikipakia spani moja tu kwa 28 kN/m, na ya tano iwe mzigo wa kudumu. Soma momenti ya C kwenye kila hali. Kwa boriti isiyoshikana na nguzo unapaswa kuona chanya 18 kwa AB, hasi 54 kwa BC, hasi 54 kwa CD na chanya 18 kwa DE. Jumlisha zile hasi pamoja na mzigo wa kudumu, acha zile chanya. Alama zikipingana na mchoro wako wa kalamu, usianze na kulaumu mchoro. Angalia kwanza kama kwenye modeli hukuacha kiungo kikiwa bawaba mahali boriti inapotakiwa kuendelea. Kosa hilo linajionyesha papo hapo: ukipakia spani moja na nyingine zote zinaonyesha sifuri, boriti yako haijaungana.